Daftari la Mama Majura: kipande cha watu wawili ambacho mpini unahama

Katika darasa letu la uigizaji hapa Kirumba, Mwanza, kazi ya kwanza ninayowapa wanafunzi ni kuandika kipande cha watu wawili, kurasa tatu, kama dakika nne jukwaani. Masharti ni mawili tu. Kila mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hayuko tayari kukitoa, na aliyeanza ameshika mpini, kufika katikati awe ameshika makali.

Sharti la kwanza huwa wanaliweza. La pili ndilo linawashinda. Wakifika katikati, simu inaita. Au mtu anabisha hodi, au mnyonge anapandisha sauti ghafla na bosi anaogopa, sababu hatuioni. Nguvu iliyoletwa na simu si ya mhusika, na mwigizaji aliyepewa nguvu hiyo hana la kucheza isipokuwa kushangilia.

Kwa hiyo huwa nawapa kipande hiki tukichambue. Ni mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, jioni, usiku wa kwanza wa giza baada ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haivuti vizuri mwezi ukiwa umewaka, hivyo jioni hiyo kila mwenye mtumbwi ana haraka. Mama Majura ndiye tajiri. Kulwa ni nahodha wake. Giza lililopita Kulwa na wenzake waliporwa nyavu ziwani, na Mama Majura akaziandika kwenye daftari kama deni la Kulwa, shilingi 400,000.

Wanafunzi nikiwauliza Kulwa anataka nini, wananijibu: haki. Haki haionekani jukwaani. Nawauliza tena, mtu aliyekaa kiti cha nyuma atajuaje kwamba Kulwa amepata? Hapo ndipo wanafika: kalamu ipite juu ya jina lake kwenye daftari. Na Mama Majura? Kulwa anyanyue dumu la mafuta, aelekee majini. Sasa kila mmoja ana lengo lenye kitu cha kushikika, na vyote viwili viko mbele yetu. Vifaa vyenyewe ni daftari na dumu tupu, havina gharama.

KULWA: Shikamoo mama.
MAMA MAJURA: (anaandika) Mafuta hayo hapo.
KULWA: Shikamoo.
MAMA MAJURA: Marahaba. Taa zimechajiwa?
KULWA: Zimejaa. Mama, nilikuwa naomba tuongelee zile nyavu.
MAMA MAJURA: Nyavu zimeshaandikwa.
KULWA: Tuliporwa, mama. Tulikuwa wanne, waulize.
MAMA MAJURA: Wote wanne wanakula kwako. Jua linazama, Kulwa.
KULWA: Laki nne nitailipa mpaka lini?
MAMA MAJURA: Kama huwezi, acha dumu. Yule kijana wa Majita yuko pale kwa mama ntilie tangu saa nane, ananisubiri mimi.
(Kulwa anainama, analishika dumu.)
MAMA MAJURA: Na msiniletee beseni mbili. Za leo zianikwe kesho, keshokutwa gari la Wakongo linapakia.
(Kulwa analiachia dumu.)
KULWA: Gari la Wakongo.
MAMA MAJURA: Ndiyo. Nenda.
KULWA: Si huwa wanatanguliza hela?
MAMA MAJURA: Hayo hayakuhusu.
KULWA: Wameshatanguliza?
MAMA MAJURA: Mwanangu, giza hilo linaingia.
(Kulwa analikalia dumu.)
KULWA: Mama Majura, hebu nisomee hapo kwenye jina langu.

Tazama mpini umehama wapi. Hakuna aliyeingia, hakuna simu. Mama Majura ameutoa mwenyewe, tena kwa sentensi aliyoitumia kumbana Kulwa. Alikuwa ameshashinda, Kulwa ameshainama, yeye akaongeza neno moja la kukazia. Kama hela ya Wakongo ameshaipokea, dagaa lazima ziwepo keshokutwa, na zinahitaji siku nzima ya jua. Ana usiku mmoja tu. Ukitafuta mgeuko wa kipande chako, usianze kwa kumtafutia mnyonge silaha. Angalia mwenye nguvu anajivunia nini, au anaharakishia nini, kisha mwache aseme akiwa na uhakika kabisa kwamba anashinda.

Halafu kuna yule kijana wa Majita. Nusu ya kwanza ni kitisho. Baada ya mgeuko kinakuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe: kama kijana anafaa, mbona amekaa pale tangu saa nane bila kupewa dumu? Sihitaji kuandika swali hilo. Kulwa anaweza kumtupia jicho tu kule kwa mama ntilie.

Kosa la waigizaji hapa ni kwenye "Wameshatanguliza?" Karibu wote huisema kwa tabasamu la ushindi. Lakini Kulwa bado hajui! Anahisi tu, na akikosea amejiharibia kazi. Lazima aulize kama mtu anayeuliza. Jibu linakuja pale anapoitwa "mwanangu", kwa sababu tangu aingie ameitwa Kulwa tu, na hata shikamoo yake ilisubirishwa. Yeye naye baada ya hapo anaacha "mama" kavu na kumwita Mama Majura, jina la watu wa biashara. Mwanafunzi asiyeyasikia mabadiliko hayo mawili atacheza kipande chote kwa sauti moja.

Sauti yenyewe nimeiwekea marufuku: hakuna kupaza kabla ya mgeuko. Wengi wanabisha kwamba mwaloni watu hupiga kelele. Ni kweli, wanaonadi wanapiga kelele. Wanaozungumzia laki nne huwa wamesogeleana.

Kupima kama mgeuko upo, nawaambia wacheze bila maneno, vitendo tu, na darasa lote linyooshe mkono pale mpini unapohama. Mikono ikinyooka kwa pamoja Kulwa anapokalia dumu, tuko salama. Ikinyooka mahali tofauti tofauti, tatizo liko kwenye maandishi, na mwigizaji asilaumiwe. Kwa kawaida tunakuta nguvu imehamia kwenye maneno peke yake, mwili haujafanya lolote.

Kilichobaki ni ukurasa mmoja na nusu, na ndio mgumu kuliko wote, maana mwandishi akishageuza hudhani kazi imeisha. Mama Majura akikubali papo hapo, mwigizaji wake amebaki kama gunia. Mpe mbinu tatu za kupigana, kila moja tofauti na iliyotangulia. Kwanza anamkumbusha alivyomlipia mtoto wake hospitali. Ikikwama, anataja nusu ya deni. Ikikwama nayo, anafunga daftari na kunyamaza, na kimya hicho kina meno, kwa sababu Kulwa naye saa inamla: wenzao wakishatangulia na kushika maeneo mazuri, akichelewa hata yeye hapati mgao. Ndiyo maana hawezi kukaa juu ya dumu mpaka usiku wa manane.

Mwisho wenyewe nauacha kwa waigizaji wawili, kwa sharti moja: kalamu na dumu, kimojawapo lazima kitangulie. Kikundi kimoja kilifanya Kulwa anyanyue dumu kwanza, Mama Majura akiwa ameinua kalamu lakini hajaiteremsha. Darasa lilibishana mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.