Kolido ndogo, makoti na viatu vinatushinda

"Mlango wetu unafungukia kolido ya mita moja tu, ukuta wa wazi ni kipande kidogo kati ya fremu na swichi. Tupo wanne. Hanga tulizopigilia zimeng'oka na plasta. Tufanyeje?"

Ndugu yangu hilo limenikuta hapa Arusha, nyumba ya kupanga, na mwezi wa saba unajua baridi yake, kila mtu na jaketi zito, likilowa ndo uzito unazidi. Mi nilipiga misumari ya zege, wiki tatu tu vikashuka vyote na kipande cha plasta, maana msumari ulikuwa umeshika plasta tu, tofali haujalifikia.

Kilichonisaidia ni ubao. Ukuta wangu ulikuwa sentimita 55, nikamwambia seremala anikatie ubao wa inchi moja, urefu sentimita 50, ukafungwa ukutani kwa skrubu nne, halafu hanga zikafungwa kwenye ubao wenyewe. Hivyo matundu ya ukuta ni manne tu na unachagua pa kutoboa. Skrubu chukua za milimita 80 na plagi namba 8, kwa sababu ubao unakula 25, plasta kama 20, zinabaki 35 ndani ya tofali. Ukitoboa sikiliza drili, plasta inaingia kirahisi, ikifika kwenye tofali inakuwa ngumu, na kama haigeuki ngumu hamisha tundu pembeni kidogo. Usitoboe juu wala chini ya swichi, waya unapita humo.

Hanga weka tatu tu, ukizibana makoti yanasukumana na kuangukia chini. Koti moja kwa mtu, lile unalovaa wiki hii, mengine chumbani. Watoto wangu niliwawekea ubao wao ukutani, nyuma ya mlango ukifunguka, urefu mita moja toka chini, vijaketi vyao ni vifupi. Ila kabla hujatoboa huko, fungua mlango wote, mtu ashike jaketi hapo ukutani uone mlango unaishia wapi, wa kwangu ulibaki unafunguka robo tatu ikabidi nishushe ubao chini ya kitasa.

Viatu sasa. Kiatu cha mtu mzima ni karibu sentimita 30, ukikilaza kolido yote imekwisha. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea fremu nyembamba ya ngazi tatu, kila ngazi ina nondo mbili, ya mbele iko chini kuliko ya nyuma, kwa hiyo kiatu kinalala kwa mteremko pua ikiangalia chini, kinatoka ukutani sentimita 20 na kitu. Iwe wazi, usifunge milango, masika viatu vikiingia na unyevu kwenye kabati vinaota ukungu. Chini yake nimeweka trei ya plastiki ya kudondoshea matope, namwaga kila jioni, na buti za mvua zinakaa humo humo.

Pima kwanza ukuta na mlango ukifunguka, ukileta vipimo hapa nakuchorea.