Ng'ombe wa mahari

"Mama, wakwe wametaja ng'ombe 12, wanataka wote wapigwe hela na zilipwe kabla ya harusi. Mjomba anasema tuwakazie mpaka washuke sita. Nikope nimalize, au tuwakazie?"

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea. Sasa niambie, anayekwenda kusema kwa niaba yetu ni nani? Mjomba wako ni kaka yangu na nampenda, lakini ni mtu wa mnadani. Hapo ukumbini kwa watu akae, ale, anyamaze.

Hadithi ya mahari yangu unaijua nusu, ile baba yako anayoisimulia akicheka. Nusu nyingine ni hii. Wazee walipokuja kwetu Kahama nilikuwa jikoni namimina chai, na ukuta ule ulikuwa wa miti na udongo, kila neno linapita. Upande wetu ukataja ng'ombe 15. Baba mdogo wa baba yako akasema, "Kwa binti aliyeishia la saba?" Chai ikajaa kikombe ikamwagika kwenye sinia, na mimi bado namimina. Marehemu yule, Mungu amrehemu, lakini sauti yake ninayo mpaka leo.

Aliyeokoa siku ni mshenga. Hakumjibu. Aliomba ruhusa, akamwita baba yangu mkubwa nje chini ya mwembe, wakakaa muda mrefu. Waliporudi, hesabu ilikuwa ileile, 15. Walichokigusa ni bei. Ng'ombe 3 waje kwa miguu, 10 wapigwe hela kwa bei ya ukweni, ambayo haifiki hata nusu ya bei ya mnadani, na 2 wabaki deni. Baba yangu akatoka kifua mbele kwa majirani: binti yake kaolewa kwa 15. Na baba yako akalipa anachokiweza.

Hapo ndipo ninaposema siku zote, idadi usiiguse, gusa bei. Ukishusha idadi umemshusha binti, maana idadi ndiyo itakayotangazwa kijijini na kukumbukwa. Bei ya kila ng'ombe wanaijua wazee waliokaa chini tu. Kwa 12 wenu, mshenga anaweza kuomba 3 wa miguu, 7 kwa laki tatu kila mmoja, hiyo ni milioni mbili na laki moja, na 2 wabaki. Blanketi la bibi, shuka la babu na mkaja wa mama msivibishie hata kidogo. Ni vitu vidogo, na wenye navyo ndio watakaomsimulia mkeo jinsi mlivyokuja. Mapatano yote yaandikwe nakala mbili, mashahidi wa pande zote watie sahihi, yaani kilichotolewa, kilichobaki na bei iliyokubaliwa. Bila karatasi, bei ya ukweni hugeuka ya mnadani mwaka unaofuata.

Kuhusu kubaki na deni, najua wapo watakaokutisha kwamba ndoa haijakamilika. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo, ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Kwa wazee ni habari nyingine, ndiyo maana deni liwe la kukubaliana, si la kukimbia.

Deni lile lilinifaa mimi. Ng'ombe mmoja alipelekwa dada yako alipozaliwa, baba yako akalala kwetu siku mbili, akarudi anamwita baba yangu rafiki. Mama yako mdogo yeye alilipiwa wote kwa mkupuo, kwa mkopo. Mwaka mzima mshahara wa mumewe ulikuwa unakatwa, na akiomba hela ya mafuta ya kula anaambiwa, "Si nilishamaliza kwenu?" Alipokimbilia nyumbani, baba akahofia kudaiwa ng'ombe ambao alishawatoa kumwolea kijana mwingine wa ukoo. Akamrudisha kabla jua halijazama.

Lakini na mimi nisijidanganye. Wale 15 mama mkwe alinihesabia kila nilipochelewa kuamka kwenda shamba la pamba, na idadi ingekuwa ndogo labda angenyamaza. Au angenihesabia kwa uchache wao. Sijui. Idadi usiiguse, bado nasema hivyo.

Suala la mkopo nilisema sitaingia, mshahara ni wako na mke ni wako. Ila mwulize yeye kwanza, kabla hujasaini, kwa sababu makato yatakula kwenye sufuria yake. Kinachonijia mdomoni nakimeza. Baba yako anakijua, mpigie.

Na nitumie majina ya wanaokwenda kabla ya Jumamosi. Shangazi yako akisikia hajaitwa, huko ukweni hakutakuwa na shida kama itakayokuwa hapa.

Mama yako.