Usikiondoe kibanda cha Nungwi kabla hujapiga hesabu ya OSNR

Swali: "Wakuu, tuna faiba Chake Chake–Nungwi km 90, Nungwi–Mjini km 60, Mjini–Dar km 80. Muuzaji anasema tuunge moja kwa moja pale Nungwi, tuweke amplifaya kubwa Mjini, tuokoe kodi na umeme wa kibanda cha amplifaya kilichopo hapo. Tunataka chaneli 40 za gigabiti 200. Nafasi iwe gigahezi 50 au 100? Na multipleksa ipi ina bei nafuu?"

Yakhe, nafasi na multipleksa ziache kwanza, usiguse kitu Nungwi! Huyo muuzaji amekupigia hesabu ya upande mmoja: njiani zinapotea desibeli 35, amplifaya inarudisha desibeli 35, basi kwisha kazi. Desibeli zitarudi kweli. Ishara iliyokwisha kuzama kwenye kelele ndiyo hairudi, na hilo hakulitia kwenye ankara.

Amplifaya ya erbiamu haichagui. Ioni zinazochochewa na leza ya pampu hutoa mwanga wao wenyewe bila kuulizwa, na mwanga huo unakuzwa sambamba na wako. Ukiipima kelele hiyo kana kwamba imeingia na ishara mlangoni, ni ileile siku zote. Kwa hiyo swali la maana ni moja tu: ishara imefika mlangoni na nguvu kiasi gani? Kwa kila kipande piga hivi upate OSNR, yaani ishara inaizidi kelele kwa desibeli ngapi:

```
OSNR = 58 + P - L - NF
```

P ni nguvu ya chaneli moja inapoingia kwenye faiba, L ni upotevu wa kipande, NF ni kelele ya amplifaya. Tuseme P ni 0 dBm, NF ni 5.5, faiba inapoteza desibeli 0.22 kwa kilomita, na viunganishi vya kila kipande vinakula 2. Kibanda kikibaki, vipande vyako vinapoteza desibeli 22, 15 na 20, na OSNR zake ni 30.5, 37.5 na 32.5. Kelele zao zikijumlishwa, Dar inapata karibu 28. Kibanda kikiondoka, kipande cha kwanza kinakuwa km 150 na desibeli 35, OSNR yake 17.5. Kipande cha Dar, hata kiwe kizuri vipi, hakiiokoi. Mwisho unabaki na 17.4. Faiba ni ileile, kilomita zilezile, na umetupa zaidi ya desibeli 10.

Gigabiti 100 za mtindo wa QPSK zingeweza kupenya. Gigabiti 200 za mtindo mzito zaidi wa 16QAM zinataka OSNR ya karibu 20, hapo hujaweka akiba ya splaisi za marekebisho na uzee wa vifaa. Kwa hiyo hazitasimama.

Utaambiwa "ongeza nguvu Chake Chake". Chaneli 40 za 0 dBm ni jumla ya 16 dBm. Kufidia desibeli 10 unataka 26 dBm, na kwa nguvu hiyo faiba yenyewe inaanza kuchanganya chaneli: mwanga mkali unabadilisha kasi ya mwanga ndani ya kioo, chaneli zinaharibiana. Ni kama kupandisha sauti ya spika mbovu, mkwaruzo unapanda nayo.

Balaa kubwa liko siku ya majaribio, kwa sababu mita ya nguvu itakudanganya na muuzaji atapiga picha ya skrini. Mnawasha chaneli mbili tu. Zinafika Mjini zikiwa na jumla ya -32 dBm. Kelele ya amplifaya kwenye bendi nzima ya C, ikipimwa mlangoni hapohapo, ni karibu -27 dBm, yaani mara tatu ya ishara yenu! Mita ya jumla inaonesha namba nzuri, watu wanapeana mikono, na kinachopimwa zaidi ni kelele. Zima chaneli zote mbili: ikiwa namba ya kutokea inashuka desibeli moja tu, umeshajua. Tena kengele ya kukosa mwanga inayosoma jumla ya kutokea huenda isilie hata faiba ikikatika. Pima kwa spektromita, chaneli moja moja, kilele dhidi ya sakafu ya kelele, kisha soma kwenye kadi BER, yaani kiwango cha biti zilizoharibika, kabla FEC haijasahihisha makosa.

Sharti la kumwekea muuzaji: atoe OSNR ya kila chaneli pale Dar, chaneli zote 40 zikiwaka, na upotevu wa kila kipande uliopimwa kwa OTDR, mita inayorusha mwanga na kusoma unaorudi, si wa kukisia. Akikuletea dBm peke yake, mrudishie karatasi yake.

Kama mwenye nyumba Nungwi amekataa katakata, njia iliyobaki ni pampu ya Raman kutoka Mjini, ikirusha mwanga kinyume kuelekea Nungwi ili faiba yenyewe ikuze ishara kabla haijadhoofika sana. Inaweza kukurudishia desibeli 4 mpaka 6. Bado hufiki 28, na inadai usafi: kilomita 20 za kwanza kutoka Mjini zisiwe na splaisi mbaya, na kiunganishi chochote chenye vumbi kinaweza kuungua, maana pampu inapitisha mamia ya miliwati. Angalia uso wake kwa darubini kabla ya kuwasha, na pampu iwe imezimwa kila unapochomoa.