Hela imelala kwenye miti: kuhesabu mzunguko wa fedha wa biashara ya mbao Mafinga

Nafanya hesabu za wapasua mbao hapa Mafinga, na wengi huniuliza swali moja: "Faida ipo, mbona mfukoni hakuna kitu?" Jibu huwa kwenye siku, yaani muda unaopita tangu hela itoke kununua miti hadi irudi kutoka kwa mteja.

Chukua kiwanda kidogo ambacho namba zake nimezirahisisha. Kwa mwaka kinauza mbao za milioni 240, na gharama ya mbao hizo ni milioni 180. Shehena yake, yaani mali iliyolipiwa ila haijauzwa, kwa wastani ni milioni 45, maduka ya vifaa vya ujenzi Dar yanadaiwa milioni 30, na chenyewe kinadaiwa milioni 9.

Siku za shehena: 45 ÷ 180 × 365 = 91
Siku za wadaiwa: 30 ÷ 240 × 365 = 46
Siku za wanaokudai: 9 ÷ 180 × 365 = 18
Mzunguko: 91 + 46 − 18 = siku 119

Shehena igawe kwa gharama, si kwa mauzo, la sivyo siku zitaonekana chache kuliko zilivyo. Pia tumia wastani wa miezi yote. Ukichukua namba ya siku moja masika, barabara za mashambani zikiwa hazipitiki na yadi iko tupu, utajidanganya.

Sasa fungua hiyo milioni 45. Wengi huhesabu mbao za yadini tu, wakasahau miti iliyosimama shambani ambayo wameshailipia. Hapa miti hiyo ilikuwa milioni 25, zaidi ya nusu! Mwenye shamba alilipwa yote siku ya makubaliano, msumeno ukaingia miezi baadaye. Dawa yake ni mkataba wa awamu: theluthi mwanzoni, inayobaki ilipwe kadiri magogo yanavyotoka. Miti iliyolipiwa ikishuka hadi milioni 10, shehena inakuwa milioni 30, sawa na siku 61.

Muda wa kukausha usiuguse. Mbao mbichi hupinda, na mnunuzi atakukata bei.

Kwa wadaiwa, watu hukimbilia punguzo. Lipige hesabu kwanza: asilimia 2 kwa mteja anayelipa siku ya 7 badala ya ya 46 ni kama riba ya asilimia 19 hivi kwa mwaka. Kama mkopo wako wa benki ni wa asilimia 16, punguzo hilo ni ghali kuliko benki. Mimi hupendelea nusu ilipwe lori likipakia, na ankara itumwe siku hiyohiyo. Wadaiwa wakishuka hadi siku 30, mzunguko unakuwa 61 + 30 − 18, yaani siku 73, na milioni 25 hivi zinarudi mkononi bila mkopo.

Kuwachelewesha wenye malori nako kunafupisha namba, ila msimu wa mbao ukichanganya watampakilia jirani yako kwanza.