Re: Fimbo iliyokatwa mara mbili

> "Nikikata fimbo sehemu mbili ovyo ovyo, uwezekano wa vipande kufanya pembetatu ni upi? Mwenzangu anasema robo, kompyuta yangu inanipa 0.386."

Mwenzako yuko sahihi. Pembetatu inakataa tu pale kipande kimoja kinapofika nusu ya fimbo au kuzidi, maana viwili vilivyobaki havifiki kukutana.

Chukua fimbo ya sm 100, alama ya kwanza iangukie sm 30. Ya pili ikiwa kabla ya 50, kipande cha mwisho kinazidi nusu. Ikipita 80, cha katikati ndicho kinazidi. Kwa hiyo ina nafasi kati ya 50 na 80 tu, yaani sm 30, sawasawa na umbali wa alama ya kwanza kutoka ncha ya karibu. Ingeangukia sm 10, nafasi ingekuwa sm 10. Umbali huo huenda kuanzia 0 hadi 50, wastani wake 25, ndiyo robo yenyewe.

Hiyo 0.386 naijua: ni 2 ln 2 − 1. Nadhani programu yako inakata kwanza, kisha inakata tena kipande kirefu. Hapo alama ya pili haiangukii kipande kifupi kamwe, na hilo ni swali jingine. Chagua namba zote mbili kabla ya kukata chochote.