Bechi imefaulu maabara, mkaguzi bado ana hoja

Swali: Kiwanda chetu kidogo kinatengeneza vidonge vya parasetamoli miligramu 500, na baadhi ya wiki metronidazoli, kwa mashine zile zile. Kila bechi tunaipeleka maabara na majibu ni mazuri. Mkaguzi ametuandikia kasoro za usafi na kumbukumbu za bechi. Mshauri wetu anasema atatujazia kumbukumbu za miezi iliyopita. Kama dawa imefaulu vipimo, tatizo liko wapi?

Jibu: Mshauri huyo mnyang'anyeni kalamu kwanza. Kumbukumbu ya bechi hujazwa na mtu aliyesimama mbele ya mizani. Ikijazwa mwezi mmoja baadaye ni hati ya kughushi, na mkaguzi mzoefu huitambua kwa macho tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, na eti kila kidonge kina uzito wa miligramu 600 kamili.

Ila kinachonikera zaidi ni hii imani kwamba maabara ndiyo inayoifanya dawa kuwa salama. Bechi ina vidonge 100,000 na maabara inavunja 20. Hata kama vidonge 1,000 kati ya hivyo ni vibovu, uwezekano wa kuchota 20 vizima vitupu ni kama asilimia 82. Tena maabara hujibu ulichoiuliza. Ukiiomba ipime kiasi cha parasetamoli, itakupa kiasi cha parasetamoli. Kilichoingia kwa bahati mbaya kinaweza kupita bila kuonekana. Kule Lahore, Pakistani, mwanzoni mwa 2012, wagonjwa wa moyo zaidi ya 200 walikufa baada ya kumeza vidonge vya isosorbidi mononitrati ambavyo ndani yake mlikuwa na pirimethamini, dawa ya malaria.

Kosa la aina hiyo linapaswa kukamatwa ghalani na kwenye mizani. Tuseme kidonge chenu kina uzito wa miligramu 600, basi bechi ni kilo 60: parasetamoli kilo 50, zilizobaki ni wanga na visaidizi vingine. Kwa kila kiambato andikeni namba ya bechi ya malighafi, uzito uliosomwa, saini ya aliyepima na saini ya mtu wa pili aliyeiona mizani kwa macho yake. Halafu pimeni tena baada ya kukausha, baada ya kuchanganya na baada ya kupiga vidonge. Mkipata kilo 58.8, hiyo ni asilimia 98, na upungufu unaelezeka kwa vumbi na vidonge vya kurekebishia mashine. Mkipata kilo 61.2, wengi hushangilia! Hiyo ni asilimia 102. Kuna kitu kimeingia ambacho hakikuandikwa: unyevu ambao kikaushio hakikuutoa, kiambato kilichopimwa mara mbili, au ndoo ya metronidazoli iliyosahaulika. Bechi hiyo isitoke mpaka sababu ijulikane.

Muda nao uandikwe. Magnesiamu stearati, kilainishi kinachozuia unga kunata kwenye mashine, huchanganywa mwishoni, kwa kawaida dakika chache tu. Mchanganyaji akienda kunywa chai na mashine ikizunguka nusu saa, mafuta yake hufunika chembe zote. Kiasi cha dawa kitapimwa na kuonekana sawa, lakini kidonge hakitayeyuka kwa wakati.

Kwenye usafi, "mashine inang'aa" si jibu. Mabaki hujificha kwenye mipira ya kuzibia, chini ya chujio na ndani ya sehemu inayolisha unga kwenye mashine ya vidonge, kwa hiyo fungueni vipande vyote. Msipulize kwa hewa ya kompresa, maana vumbi mnalitawanya chumba kizima. Nyonyeni, osheni, suuzeni kwa maji yaliyosafishwa, kisha kausheni siku hiyo hiyo, kwa sababu chombo kilicholala na maji huotesha bakteria. Mfuko wa kitambaa wa kikaushio uwe mmoja kwa kila dawa.

Kisha pimeni mabaki. Kwa kikomo cha sehemu 10 kwa milioni, bechi ya kilo 60 ya vidonge vya parasetamoli inaruhusu miligramu 600 za metronidazoli. Kama uso wote unaogusa dawa ni mita za mraba 5, hayo ni maeneo 500 ya sentimita 10 kwa 10, yaani miligramu 1.2 kwa kila eneo mnalofuta kwa pamba. Futeni pale pagumu kusafishika, si katikati ya sahani laini.

Hesabu hiyo haifai kwa kila dawa. Kwa dawa kali zinazofanya kazi kwa kipimo kidogo, kikomo hutokana na sumu ya dawa yenyewe na huwa cha chini sana. Na wapo washauri wanaouza mwongozo mmoja wa usafi kwa viwanda kumi, wamebadilisha jina la juu tu, kisha wanamshawishi mwenye kiwanda aongeze amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwenye mashine hizo hizo ili faida ipande. Msikubali. Kwa mtu mwenye mzio wa penisilini, vumbi kidogo tu linaweza kuua, na hakuna sabuni inayowapa uhakika. Penisilini hutengenezwa kwenye eneo lake, kwa mashine zake na mfumo wake wa hewa.