Nianze biashara gani kwa kalamu yangu?

Swali: Habari za kazi. Niko Ujiji, nimemaliza kidato cha sita. Majirani wananiletea barua za kazi, risala za harusi na fomu niwaandikie, malipo ni asante au soda. Nina laptopu ya zamani. Naweza kupata biashara humo? Nianze na nini?

Jibu: Dada, anza na maombi ya kazi za serikali. Risala zina msimu wake, na kamati za harusi hupenda kukopa. Mwombaji wa kazi anabanwa na tarehe ya mwisho, kwa hiyo hulipa siku hiyohiyo.

Ila usiuze barua tupu, maana hiyo hata stesheneri wanamchapia. Uza maombi yaliyokaguliwa.

Tuseme amekuja kijana wa Kasulu mwenye stashahada ya kilimo. Kabla ya kuandika, someni tangazo lote pamoja. Linganisha jina la NIDA na la cheti cha kidato cha nne; likipishana, aende kwanza kwa wakili. Angalia pia kama ameleta vyeti vyenyewe, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hukataa karatasi za matokeo. Halafu anuani: tangazo likiwa la Sekretarieti, barua inaenda kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, hata kama kituo cha kazi ni Kasulu kwao. Likitolewa na halmashauri yenyewe, fuata anuani waliyoweka.

Kwenye barua ndipo kipaji chako kinalipwa. Mwenyewe atataka uandike "mimi ni mchapakazi na mwaminifu". Mwulize mazoezi kwa vitendo alifanyia wapi na alishika kazi gani, kisha uandike: "Nilisimamia shamba darasa la mihogo na kuwafundisha wakulima kutambua batobato." Asaini kwa mkono, ndipo uiskani iwe PDF.

Maombi ya Sekretarieti hutumwa mtandaoni kupitia Ajira Portal; akaunti yake humo ifunguliwe kwa barua pepe ya mteja, na neno la siri aliandike mwenyewe. Wapo wanaotumia barua pepe ya duka; mteja akija kutaka kuingia tena, ni ugomvi.

Bei ipange kwa kazi nzima. Kwa mfano ukitoza shilingi 8,000, stesheneri ikachukua 2,000 ya kuskani na kuchapa, na bando 500, unabaki na 5,500. Marekebisho ya kwanza yawe bure, yanayofuata alipie.

Watakuletea pia mikataba ya kuuza viwanja na hati za mahakamani. Hizo kataa: Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamzuia asiye wakili kuziandaa kwa malipo. Barua ya malalamiko kwa mtendaji wa kata, au ya kuomba ruhusa kazini, hiyo andika bila wasiwasi.